Dawa ya unga ya antibiotiki kwa mtoto: kuchanganya, kutikisa, kutunza na kupima

Karatasi hii imetokana na dirisha la duka la dawa hapa Mwanza. Wazazi wanaondoka na chupa ya unga, tunawaeleza, wanaitikia vizuri, halafu siku ya tatu au ya nne wanarudi: chupa imeisha kabla ya siku zake, au imebaki nusu wakati dozi imekwisha, au mtoto hajapata nafuu. Mara nyingi dawa ilikuwa sawa. Kilichoharibika ni maji, au mstari wa kwenye chupa, au kijiko.

Nitafuata chupa moja tu mwanzo hadi mwisho, ili hesabu zisikuchanganye. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, kilo 11, na zahanati imemkuta na nimonia ya kutibiwa nyumbani. Ameandikiwa amoksilini miligramu 500, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Chupa aliyopewa ni ya mililita 100, na ubavuni imeandikwa 250 mg/5 ml. Mtoto wako anaweza kuwa na dawa nyingine na kipimo kingine. Kipimo chake ni kile alichoandikiwa yeye kwa uzito wake, usichukue hiki cha hapa.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa ya dawa, ikiwa bado na unga mkavu na kifuniko hakijafunguliwa.
- Maji yaliyochemka na kupoa kabisa, yakiwa kwenye chombo safi chenye mfuniko.
- Bomba la mililita 5 au 10 lisilo na sindano, au kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari kinachokuja na dawa.
- Kalamu na kipande cha plasta au karatasi ya kubandika.
- Saa. Ya simu inatosha.

Bomba liulizie pale pale unaponunulia dawa, bei yake ni ndogo. Likiwa na sindano, waombe waitoe na kuitupa wenyewe. Baadhi ya mabomba yana kifuniko kidogo cha plastiki kwenye ncha. Kitoe na ukitupe kabla hujafika nyumbani, kwa sababu kimewahi kuwa kinywani mwa mtoto bila mama kukiona.

## Hatua ya 1: Kagua chupa ukiwa bado dukani

Igeuze chupa taratibu juu chini. Unga mzuri unatembea kama unga wa sembe mkavu. Ukiona umeshikana kuwa bonge gumu lisilovunjika hata ukiigonga chupa, au umelowa, au umebadilika rangi, umeshaingiwa na unyevu. Usiupokee. Hali kadhalika kama utepe wa kifuniko umekatika.

Kisha soma namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya dawa. Kuna 125 mg/5 ml na kuna 250 mg/5 ml, na chupa zake zinafanana kama mapacha. Mtoto wetu anahitaji miligramu 500 kila dozi. Kwa chupa ya 250, hizo ni mililita 10. Kwa chupa ya 125, ni mililita 20, na chupa moja haimtoshi, zinatakiwa mbili. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema "wangu nilimpa vijiko viwili", usimfuate. Hujui alikuwa na chupa ipi wala mtoto wake ana kilo ngapi.

Namba ya pili ni tarehe ya kuisha muda. Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nasema kila siku mpaka nachoka: tarehe ile ni ya unga mkavu. Ukishatia maji, haina kazi tena. Chupa inaweza kuandikwa miaka miwili mbele, na baada ya kuchanganywa ikabaki na siku 7 tu.

Kabla hujaondoka, mwambie mtoa dawa akuonyeshe kwa kidole mstari wa maji ulipo. Chupa nyingine ina mshale kwenye karatasi yake, nyingine ina alama iliyochorwa kwenye chupa yenyewe, na alama hiyo huonekana vizuri ukiielekeza kwenye mwanga.

Kama unasafiri, tuseme unavuka na kivuko kwenda Ukerewe au Kome, usikubali kuchanganyiwa dukani. Beba unga mkavu, changanya ukifika. Siku zinahesabiwa kuanzia maji yanapoingia, na chupa iliyochanganywa itapigwa jua njiani.

## Hatua ya 2: Andaa maji mapema

Maji ya ziwani, ya kisimani na ya bomba, yote yachemshe. Ya ziwani yakiwa na tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyaweke jikoni. Yakishatokota kwa nguvu kama dakika moja, yaepue, yafunike, yaache yapoe hadi ukigusa nje ya chombo usisikie joto lolote.

Hiyo ina maana uanze kuchemsha mara tu unapofika nyumbani, kwa sababu sufuria iliyofunikwa inachelewa kupoa. Wanaoharakisha huchota maji kwenye chupa ya chai. Yale yamechemka, ndiyo, lakini bado ni ya moto, na maji ya moto yanaharibu amoksilini. Dawa itabaki na rangi yake na harufu yake ya matunda, wewe hutajua lolote, na mtoto atakunywa sharubati.

Ukiwa huna namna ya kuchemsha, maji ya kunywa ya dukani ambayo kizibo chake hakijafunguliwa yatakufaa.

## Hatua ya 3: Changanya kwa awamu mbili

Nawa mikono kwa sabuni. Gonga kitako cha chupa kwenye kiganja mara kadhaa, unga uliogandamana uachie. Hili dogo wengi wanaliruka, na ndilo linaloleta mabonge.

Fungua. Mimina maji polepole hadi kama nusu ya umbali wa kufika kwenye mstari. Funga, tikisa kwa nguvu, pindua chupa, tikisa tena. Inua chupa kwenye mwanga uangalie kitako chake: pasiwe na unga mweupe uliong'ang'ania kwenye pembe. Ukiwepo, endelea.

Sasa ongeza maji mpaka yafike kwenye mstari. Tikisa tena. Kisha weka chupa mezani, subiri dakika tano.

Ukirudi utakuta povu limeshuka na dawa iko chini ya mstari. Ni kawaida. Ongeza maji kidogo kidogo hadi ufike mstarini barabara, tikisa kwa mara ya mwisho. Ukiruka nyongeza hii, umetengeneza dawa kali kuliko inavyotakiwa, na itaisha mapema.

Unajuaje umefaulu? Dawa inafika kwenye mstari baada ya povu kutulia, ni nzito kidogo kuliko maji, ina rangi moja kutoka juu mpaka chini, na haina chembe zinazoelea.

Kosa la mililita 100. Kuna baba mmoja, mtu makini kweli, aliona chupa imeandikwa 100 ml akapima maji mililita 100 kwa bomba, akayatia yote. Yakapita mstari. Zile mililita 100 ni ujazo wa dawa ikishakuwa tayari, unga na maji kwa pamoja. Unga nao una nafasi yake, kwa hiyo maji siku zote ni pungufu ya hapo. Kama karatasi ya chupa inataja kiasi cha maji, fuata hicho. Tuseme imeandikwa mililita 66: hayo ni mabomba 13 ya mililita 5, na mililita moja juu yake. Bado utayatia kwa awamu mbili.

Maji yakizidi mstari, usimwage ili kurudisha. Ukimwaga umemwaga na dawa, na iliyobaki bado ni nyepesi. Chupa yetu ina miligramu 5,000 za amoksilini. Ikijazwa hadi mililita 100, kila mililita 5 zina miligramu 250. Ikijazwa hadi 110, mililita 5 zina kama 227. Ikiachwa kwenye 80, zina zaidi ya 312. Ukikosea hivyo irudishe kwa mtoa dawa, mweleze ukweli, akuamulie. Hatakugombeza, na akikugombeza, heri ugombezwe wewe kuliko mtoto apungukiwe.

## Hatua ya 4: Andika kabla hujasahau

Bandika plasta kwenye chupa, uandike siku na saa uliyotia maji, na siku ya mwisho kuitumia. Kwa amoksilini nyingi ni siku 7. Baadhi ya chupa zinaruhusu siku 14 zikikaa kwenye jokofu. Soma yako.

Chini yake chora miduara midogo kumi. Kila dozi ikishaingia tumboni, weka alama kwenye mduara mmoja. Dozi za mtoto wetu ni 2 kwa siku mara siku 5, yaani 10, na kila moja ni mililita 10, yaani mililita 100. Chupa na dozi zinakwenda sambamba. Ndiyo maana naipenda miduara: ukifika wa tano, chupa inatakiwa iwe imefika nusu. Ikiwa chini sana ya nusu, unapima kupita kiasi au maji yalikuwa machache. Ikiwa juu sana, unampunja. Unagundua siku ya tatu, wakati bado kuna la kufanya.

Miduara inasaidia pia pale ambapo mama anatoka alfajiri kwenda mwaloni na bibi anabaki na mtoto. Nyumba nyingi mtoto hupewa dozi mara mbili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake hajampa.

Maandishi ya kwenye karatasi yako huenda yakawa hivi: `10 ml bd 5/7`. Maana yake ni mililita 10, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Ukiona `tds`, ni mara tatu. Ile 5/7 haina uhusiano na nusu wala robo ya kijiko, ingawa nimewahi kuulizwa.

## Hatua ya 5: Tikisa, kila mara

Dawa hii haiyeyuki yote kama sukari kwenye chai. Ni chembe ndogo zinazoelea kwenye maji, na chupa ikikaa zinazama. Iache usiku kucha kisha iangalie asubuhi bila kuigusa: juu pameng'aa, chini kuna tabaka zito.

Ukimimina bila kutikisa, siku za mwanzo mtoto anakunywa yale maji ya juu yasiyo na dawa ya kutosha, wakati ambao ugonjwa ndio umepamba moto. Siku za mwisho anapata uzito wote wa chini kwa pamoja. Kwenye jumla ya chupa hakuna kilichopotea, lakini hakuna dozi hata moja iliyokuwa sawa.

Funga kifuniko vizuri, tikisa kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, pindua uangalie kitako. Tabaka likiwa limetoka, uko tayari. Subiri kidogo povu litulie kabla ya kupima, lakini usiende kukoroga uji ukarudi. Zitakuwa zimeanza kuzama tena.

## Hatua ya 6: Pima kwa kitu chenye mistari

Kijiko cha nyumbani hakina kipimo. Fanya jaribio hili leo, kwa maji tu: chukua bomba, jaza kijiko chako cha chai hadi ukingoni, uone kimemeza mililita ngapi. Kisha jaribu kijiko kingine, hasa vile vya zamani vya bibi. Kimoja kitachukua 3 au 4, kingine 7. Mtu wa dawa anaposema "kijiko cha chai" anamaanisha mililita 5 kamili.

Mama mmoja wa Kayenze alirudi asubuhi ya siku ya nne, chupa tupu mkononi, akilalamika kwamba tumemuuzia chupa pungufu. Alikuwa na haki ya kukasirika, nauli ya kwenda na kurudi si mchezo. Nikamwomba anitumie mtu alete kijiko alichotumia. Kilikuwa cha kulia uji. Tukakipima pale pale kwa maji: mililita 8. Aliambiwa vijiko viwili, akatoa viwili, kwa hiyo kila dozi ilikuwa 16 badala ya 10. Gawanya 100 kwa 16, unapata dozi sita na masalia. Sita ni siku tatu. Chupa haikuwa pungufu hata tone. Mtoto alikuwa akimeza karibu miligramu 800 pale alipoandikiwa 500, tumbo lilikuwa linamwendesha, na siku mbili za mwisho hakuwa na dawa kabisa.

Kwa bomba: mimina dawa kidogo kwenye kikombe safi, zamisha ncha, vuta polepole. Ukiona hewa ndani, elekeza ncha juu, gonga kwa kidole ili mapovu yapande, yasukume nje, kisha vuta tena kujaza pengo. Soma kwenye ukingo wa mpira ulio upande wa ncha, yaani pale mpira unapogusana na dawa. Mililita 10 kwa bomba la 5 ni mara mbili. Dawa iliyobaki kwenye kikombe uitunzie dozi ijayo? Hapana, wala usiirudishe chupani. Mimina kidogo tu tangu mwanzo ili usipoteze.

Kwa kikombe cha mistari: kiweke mezani, usikishike hewani. Inama mpaka jicho lilingane na mstari. Ukiangalia kutoka juu utaona kama imefika na kumbe haijafika. Dawa nzito huganda kwenye kuta za kikombe, kwa hiyo mtoto akimaliza, suuza kwa maji kidogo ya kunywa naye ayamalizie.

Kwa kipimo chini ya mililita 5, tumia bomba. Kikombe hakiaminiki huko chini.

## Hatua ya 7: Kumpa mtoto

Mpakate akiwa ameketi, kichwa kimeinuka. Usimlaze chali na usimzibe pua. Nimewaona watu wazima wawili wakimkandamiza mtoto mmoja kama wanamvua samaki nyavuni. Mtoto anayelia huku anavuta hewa, dawa inaweza kwenda mapafuni.

Weka ncha ya bomba ndani ya shavu, kati ya shavu na fizi, usielekeze kooni. Sukuma kama mililita moja, mwache ameze, sukuma nyingine. Mililita 10 zitachukua dakika mbili au tatu. Mnyonyeshe au mpe maji baadaye kuondoa ladha.

Amoksilini inaweza kutolewa kabla au baada ya chakula. Usiichanganye kwenye bakuli zima la uji au chupa nzima ya maziwa. Akiacha nusu, hutajua amepata kiasi gani.

Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena dozi ile ile mara moja. Ikipita nusu saa, usirudie, subiri dozi ijayo. Akiitapika na ile ya pili, au anatapika kila kinachoingia, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Mpeleke kituoni.

## Hatua ya 8: Saa

Mara mbili kwa siku ni kila baada ya saa 12. Saa 1 asubuhi na saa 1 usiku inashikika vizuri kichwani. Mara tatu ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Ukianza jioni, hesabu dozi, usihesabu siku. Mtoto wetu akianza Jumatatu saa 1 usiku, dozi ya kumi inaangukia Jumamosi asubuhi. Wengi wangeishia Ijumaa jioni kwa kuwa "siku tano zimetimia".

Ukisahau, mpe unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi ijayo imekaribia. Hapo acha iliyopita, endelea na ijayo. Usimpe mbili kwa pamoja.

## Hatua ya 9: Kuitunza, hasa kama huna jokofu

Kama lipo jokofu, weka rafu ya katikati. Mlangoni joto linapanda na kushuka kila unapofungua, na kwenye barafu dawa inaganda na kuharibika. Jokofu la soda la dukani kwa jirani linafaa pia, mradi jirani anafungua saa 1 asubuhi. Akifungua saa 3, mtoto wako anacheleweshwa kila siku.

Amoksilini ya kawaida, nyingi zinaruhusu kukaa nje ya jokofu kwa siku 7 mahali penye ubaridi, na chupa nyingi zinataja chini ya nyuzijoto 25. Chumba chenye bati lisilo na dari, mchana wa Mwanza, kinapita hapo. Kwa hiyo usiweke juu ya kabati, dirishani, wala karibu na jiko. Sehemu nzuri ni sakafuni kwenye kona yenye kivuli, ndani ya chombo ambacho mtoto hawezi kukifungua.

Mtungi wa udongo ni bora zaidi. Weka maji kidogo ndani yake, funga kifuniko cha dawa kwa nguvu, tia chupa kwenye mfuko wa plastiki uufunge, kisha isimamishe humo na ufunike. Mtungi unaovuja jasho kwa nje unapoa wenyewe. Asiye na mtungi aweke chupa kwenye bakuli lenye maji, aizungushie kitambaa kibichi ambacho ncha yake imezama majini, na aiache penye upepo na kivuli. Maji yasifike kwenye kifuniko.

Njia hizi hazitoshi kwa amoksilini iliyounganishwa na klavulaniti. Ile ikishachanganywa inataka jokofu la kweli, na hata humo ni siku 7. Ikigeuka rangi ya kahawia, imekwisha. Kama umeme kwenu haueleweki, sema mapema kwa aliyekuandikia. Kwa amoksilini ya kawaida kuna vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250: mtoto wetu angepewa viwili kila dozi, vinalainishwa kwa maji safi kidogo au maziwa ya mama kwenye kijiko, na anameza vyote. Havihitaji jokofu wala mstari wa maji. Kwa kweli, familia inayoishi kambi ya uvuvi ningeipa hivyo bila kufikiri mara mbili.

Ukipewa chupa mbili, changanya moja. Ya pili iache ikiwa unga mpaka ya kwanza iishe.

## Lini uache karatasi hii na kukimbilia kituoni

Acha dawa na umpeleke mara moja akitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, akivimba midomo au uso, au akihema kwa shida baada ya kunywa.

Mpeleke bila kusubiri dozi iishe akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au kifua cha chini kikibonyea ndani anapovuta hewa. Pumzi zihesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi.

Na kama baada ya siku 2 kamili za dawa iliyochanganywa na kupimwa sawasawa homa na pumzi ziko vile vile, rudi siku ya tatu. Nenda na chupa na ile plasta yenye miduara, maana atakayempokea ataanza kwa kukuuliza amekunywa ngapi. Kuhara kidogo si sababu ya kuacha dawa. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, uendelee.

## Dozi ikiisha

Mtoto akichangamka siku ya pili, dozi zilizobaki bado ni zake. Usimpe mdogo wake anayekohoa, kwa sababu yeye ana uzito mwingine na pengine kikohozi cha mafua tu, ambacho antibiotiki haikigusi.

Dozi ya kumi huenda ikapungua kidogo kwa sababu ya ile iliyoganda kwenye kuta za chupa. Usifungue chupa mpya kwa ajili ya tone hilo bila kuuliza.

Kikibaki chochote cha maana, ina maana kipimo kilikosewa mahali, nasi tungependa kujua. Usikihifadhi kwa ugonjwa ujao; wiki ikipita ni maji ya rangi. Usikimwage ziwani wala mtaroni. Kirudishe dukani au kituoni, na wasipopokea, kichanganye na majivu na udongo ndani ya mfuko, ufunge, utupe pasipofikiwa na watoto wala kuku.

Chupa tupu bandua karatasi yake kabla ya kuitumia kwa kitu kingine. Na mafuta ya taa yasiingie humo kamwe: mtoto amejifunza kwa siku tano kwamba kinachotoka kwenye chupa hiyo ni kitamu.